Sura ya Sita: Gumba na Kucha

Mtoto wa darasa la awali pale Dongobesh anafundishwa kunawa mikono kwa sababu ileile anayofundishwa mwenzake wa Tanga au Songea: kuhara. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini Mbulu kuna nyingine, nayo imejificha chini ya kucha. Ni mayai ya tegu wa nguruwe.

Kaya nyingi za Mbulu hufuga nguruwe, na mara nyingi, hasa baada ya mavuno, nguruwe hao huachwa wazurure. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya lava, nayo haikuiva vizuri, tegu huota ndani ya utumbo wake na kuanza kutoa mayai kwa maelfu kupitia haja kubwa. Nguruwe akila kinyesi hicho, vifuko huota katika nyama yake, na mzunguko unaendelea. Hadi hapo aliyeathirika ni mla nyama mwenyewe. Tatizo kubwa huja pale yai lenyewe, badala ya kuliwa na nguruwe, linapoingia kinywani mwa binadamu. Lava hutoka kwenye yai, hupenya utumbo, huingia katika damu na kwenda kujikita kama kifuko kwenye misuli, jicho au ubongo. Kikiwa kwenye ubongo, kifuko hicho kinaweza kuleta kifafa. Watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyopo Mbulu tangu mwaka 1955, walipiga picha za CT za vichwa vya watu zaidi ya 200 wenye kifafa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, karibu mmoja kati ya kila sita alikuwa na dalili za vifuko vya tegu kwenye ubongo.

Wazazi wengi hushtuka wakiambiwa kwamba mtoto ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe maishani mwake anaweza kupata ugonjwa huu wa ubongo. Hahitaji nyama. Inatosha mtu mmoja nyumbani awe na tegu, atoke chooni bila kunawa, kisha amegee mtoto ugali. Inatosha pia mtoto mwenyewe achezee udongo nyuma ya nyumba, halafu anyonye kidole gumba.

Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo aliongoza jaribio la elimu ya afya katika vijiji vya Mbulu kuanzia mwaka 2002. Watu walifundishwa mzunguko wa tegu tangu mwanzo hadi mwisho. Maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua kwa takriban asilimia 43 katika kaya zilizofundishwa, na maarifa ya watu yalipanda waziwazi. Lakini watafiti walipokwenda kuangalia kwa macho yao mambo ya nyumbani, kama vile nguruwe kufungiwa bandani na vyoo kutumika, hawakuona badiliko kubwa kama lile lililokuwa vichwani mwa watu. Mwalimu wa watoto wadogo na alishike hilo. Ikiwa mtu mzima anaweza kuujua mzunguko wote na bado asibadili desturi zake, basi mtoto wa miaka mitano hatanawa kwa sababu ameelezwa. Atanawa kwa sababu mwili wake umezoea, na mwili wa mtoto huzoezwa kwa wimbo na mchezo.

Nyimbo za kunawa tunazo tele. Nyingi kati ya zile ninazozisikia zina kasoro moja: zinamwambia mtoto anawe, hazimwambii anawe wapi. Anaimba kwa furaha, viganja viwili vinasuguana tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na sehemu nyingine zote za mkono zinabaki kama zilivyokuwa. Mwaka 1978 mtafiti Mwingereza aitwaye Taylor alitumia rangi kuchunguza ni sehemu gani za mkono ambazo wauguzi huziruka wanaponawa. Viganja vilinawiwa vizuri. Zilizorukwa mara nyingi zaidi zilikuwa vidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole. Hao walikuwa watu wazima waliosomea kazi hiyo. Sasa mfikirie mtoto ambaye mkono wake mmoja bado haujajua vizuri kuuzunguka mwingine.

Kwa Mbulu na Hanang, basi, wimbo mzuri ni ule unaotoa nafasi kubwa kwa sehemu zinazosahauliwa. Nimetunga huu hapa kwa mizani nane kila mstari, ili uimbike kwa makofi manne ya mwendo wa kawaida:

Maji kidogo mkono,
Sabuni ipake pote,
Viganja visuguane,
Geuza, mgongo nao,
Vidole na vipishane,
Gumba gumba uzungushe,
Kucha zikune kiganja,
Suuza, kung'uta, basi!

Mwalimu anaongoza mstari, watoto wanaurudia. Marudio hayo hayakuwekwa kwa ajili ya utamu peke yake. Mwalimu anapoimba mstari wa gumba, watoto wanazungusha gumba la kulia ndani ya kiganja cha kushoto. Wanapouitikia, wanahamia gumba la kushoto. Ni vivyo hivyo kwa mgongo wa mkono na kwa kucha. Kila mkono una zamu yake, na mtoto hana nafasi ya kusugua mmoja akausahau wa pili. Kuhusu muda, makofi mawili kwa sekunde yanaupa mstari sekunde mbili, na ukirudiwa zinakuwa nne. Mistari ya kusugua ni mitano, kuanzia viganja hadi kucha, kwa hiyo mikono inasuguliwa kwa sekunde 20, muda unaopendekezwa kwa kunawa kwa kawaida. Darasa likichangamka na kuharakisha wimbo, sekunde hizo zinapungua hadi 12 au 13. Kwa sababu hiyo mwalimu ashike makofi yeye mwenyewe, asiwaachie watoto.

Mstari wa kucha ndio mgumu kuliko yote kwa watoto wa umri huu. Wengi hukuna kwa tumbo la kidole badala ya ncha. Waambie wakunje vidole vya mkono mmoja, wavisimamishe juu ya kiganja cha mkono wa pili, kisha wakune huku na huku. Ukitazama kutoka pembeni unapaswa kuona vifundo vya vidole vimeinuka. Vikiwa vimelala, kucha hazijagusa kitu. Na kucha zikiwa ndefu hakuna wimbo utakaozisafisha, kwa hiyo Jumatatu asubuhi mwalimu apitishe wembe au kikata kucha kabla ya somo la kwanza.

Kuhusu lugha: darasa la awali ndipo watoto wengi wa Kiiraqw, na wale wa Kibarabaig upande wa Hanang, wanapokutana na Kiswahili kwa siku nzima kwa mara ya kwanza. Mtoto anaweza kuimba mstari mzima bila kujua gumba ni kidole kipi. Dawa yake ni kuufundisha wimbo kwa mikono kabla ya maneno. Kwa siku mbili tatu za kwanza mwalimu afanye vitendo kimya, watoto wamwige, halafu maneno yaje kukaa juu ya vitendo ambavyo mwili tayari unavijua. Mwalimu anayejua lugha ya nyumbani aeleze kwanza kwa lugha hiyo, na bibi au mama wa jirani akiweza kuutia wimbo katika Kiiraqw, afadhali zaidi, kwa sababu wimbo huo utafika hadi jikoni.

Sasa mchezo. Wimbo umefundisha mpangilio na muda, lakini bado haujamwonyesha mtoto jambo gumu kuliko yote, kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kutoka mkono hadi mkono. Kwa mtoto, uchafu ni matope. Mkono usio na matope ni safi, na hawezi kulaumiwa kwa kuamini anachokiona. Mchezo wa kukimbizana unamsaidia hapa, kwa sababu wazo la kuguswa na kubadilika analo tayari mchezoni.

Chukua darasa la watoto 40 na uwanja mkavu. Kona moja chora duara kubwa, hapo ni mezani. Upande wa pili weka kituo cha sabuni chenye walinzi wawili. Watoto wanne ni vijidudu. Viganja vyao vimepakwa vumbi la chaki ya rangi. Wengine wote ni watoto wenye njaa, na nia yao ni kufika mezani. Kijidudu akimgusa mtu begani, alama ya chaki inabaki kwenye nguo. Aliyeguswa haondoki mchezoni wala hagandi mahali pake. Anakimbia hadi kituo cha sabuni, anasimama mbele ya mlinzi na kufanya vitendo vyote vya wimbo huku wawili hao wakiimba. Mlinzi akiona gumba limerukwa, wimbo unaanza upya. Akimaliza, mlinzi anampangusa ile alama, naye anarudi mbioni kuelekea mezani. Anayeingia mezani na alama ya chaki mwilini anatolewa na wenzake, arudi kunawa.

Kila kanuni hapo ina kazi. Aliyeguswa hatolewi mchezoni kwa sababu mtoto anayetolewa hukaa chini ya mti na hajifunzi kitu, na aghalabu anayetolewa kwanza ni yule mdogo asiyejua kukimbia, ambaye ndiye anayehitaji zoezi zaidi. Vijidudu ni wanne na si mmoja, kwa sababu mmoja akikimbiza watoto 40 wengi wao hawataguswa hadi kengele ilie. Wakizidi sita, foleni kwenye kituo inakuwa ndefu na walinzi wanaanza kupitisha watu bila kuwatazama. Foleni hiyo ndiyo dalili ya kuangalia: ikipita watoto watano, ongeza walinzi.

Kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni kwamba kijidudu hauawi. Mlinzi hampigi, hamkanyagi, hamfukuzi uwanjani. Anachofanya ni kukiondoa kijidudu mwilini mwa aliyeguswa. Hivyo ndivyo sabuni inavyofanya kazi mikononi kwa sehemu kubwa: hulegeza mafuta na uchafu ambamo vimelea wamejishika, kisha maji yanavibeba vyote. Yai la tegu lina ganda gumu linalostahimili dawa nyingi za kuulia vijidudu, na vitakasa mikono vya spiriti haviwezi kutegemewa dhidi yake. Linatolewa kwa kusuguliwa na kusuuzwa. Mtoto aliyefundishwa kwamba sabuni inaua ataona tone moja linatosha. Aliyefundishwa kwamba sabuni inang'oa ataelewa kwa nini lazima asugue.

Kwa sababu hiyohiyo silipendi lile onyesho la pilipili manga linalopendwa sana siku hizi, ambapo unga wa pilipili hunyunyizwa juu ya maji kwenye sahani na kidole chenye sabuni kinapochovywa pilipili hukimbilia pembeni. Watoto hushangilia. Lakini walichokiona ni sabuni ikiharibu mvutano wa uso wa maji, na walichojifunza ni kwamba vijidudu huiogopa sabuni na kutoroka bila mtu kusugua.

Onyesho la kweli zaidi linahitaji chaki na mafuta ya kupikia. Saga kipande cha chaki ya rangi, changanya na kijiko kimoja cha mafuta, kisha wapake watoto watatu viganjani. Wa kwanza apanguse kwa kitambaa. Wa pili anawe kwa maji matupu. Wa tatu anawe kwa sabuni akiimba wimbo mzima. Kisha wote watatu wabonyeze viganja na vidole kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ya maji matupu itaonyesha rangi hafifu kila mahali, kwa sababu maji hayashiki mafuta. Karatasi ya sabuni itakuwa karibu nyeupe, na kama mtoto aliruka mstari wa gumba, alama ya gumba itabaki pale kila mtu aione. Watafiti wa London walifanya jaribio la namna hiyo kwa bakteria halisi mwaka 2011. Watu walishika vitasa na vyuma vya mahali pa umma, halafu mikono yao ikapimwa. Kwa wasionawa, bakteria wa kinyesi walipatikana katika asilimia 44 ya vipimo. Kwa walionawa kwa maji tu, asilimia 23. Kwa walionawa kwa sabuni, asilimia 8. Maji matupu si bure, basi, na siku sabuni inapokwisha mtoto asiambiwe aache kunawa. Lakini pengo kati ya 23 na 8 ni kazi ya sabuni.

Kuna hatari moja ya mchezo huu ambayo mwalimu aitazame kwa makini. Watoto huubeba mchezo hadi nje ya mchezo. Akiwapo darasani mtoto mwenye kamasi, mwenye upele, au mwenye kifafa, jina la kijidudu linaweza kumganda, na wenzake wakakataa kukaa naye. Kifafa hasa, katika maeneo ambayo bado wapo wanaodhani kinaambukiza kwa mate ya mgonjwa, hakipaswi kuguswa na mchezo huu hata kwa mbali. Zungusha nafasi ya kijidudu ili kila mtoto aipate, akiwemo binti wa mwalimu na kijana anayeongoza mbio. Mchezo ukiisha, wote wanawe pamoja kwa maji na sabuni za kweli, vijidudu na walinzi bega kwa bega.

Na hapo tunafika kwenye maji. Mwaka 2020, shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, ndoo za koki ziliwekwa kwenye milango ya madarasa mengi. Koki za plastiki zilivuja, ndoo zikapasuka, na ndoo hizo zikaadimika. Kifaa kinachodumu zaidi kijijini ni kibuyu chirizi: dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo chini ya kifuniko, likaning'inizwa kwenye mti wa kupitisha kati ya nguzo mbili, na kamba ikafungwa kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika, akiachia, yanakata. Mkono wenye kinyesi haugusi koki, kwa sababu hakuna koki. Kwa watoto wa awali mti wa juu uwe kwenye kimo cha kifua chao, la sivyo maji yatawaingia kwenye mikono ya sweta, na mtoto aliyelowana sweta asubuhi ya Mbulu hatarudi kunawa.

Mtoto mmoja akitumia takriban robo ya chupa ndogo ya soda, yaani mililita 75 hivi, kulowanisha na kusuuza, dumu moja linahudumia kama watoto 65. Darasa la 40 likinawa mara mbili, baada ya choo na kabla ya uji, linahitaji lita sita kwa siku. Kiasi hicho watoto wawili wakubwa wanaweza kukibeba kutoka kisimani. Kipande cha sabuni kikitundikwa wazi huchukuliwa na kunguru au mbuzi. Kitoboe katikati, kipitishe kamba na ukifunike kwa kopo lililopinduliwa, au tumia sabuni ya maji ya kujitengenezea: gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, na kifuniko kilichotobolewa kwa msumari.

Kituo kiwe pale mtoto anapotokea chooni, si ofisini ambako hakitaibwa. Katika shule mbili za msingi za Bangladesh watafiti walichora nyayo kwenye njia kutoka chooni hadi mahali pa kunawia, na viganja kwenye mahali penyewe, bila kufundisha neno lolote. Kunawa kwa sabuni baada ya choo kulipanda kutoka asilimia 4 hadi 74 wiki sita baadaye, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2016. Nyayo za rangi au chokaa kwenye njia ya choo cha shule pale Katesh zingegharimu kopo moja la rangi.

Utajuaje kwamba imeshika? Usiwaulize watoto, watasema wananawa. Usisimame karibu na kibuyu ukiwa na daftari pia, kwa sababu mtoto akimwona mwalimu hunawa hadi viwiko. Pima sabuni. Weka alama ya kalamu kwenye chupa ya sabuni ya maji Jumatatu asubuhi na uitazame Ijumaa mchana. Kila mtoto akitumia mililita mbili mara mbili kwa siku, darasa la 40 linapaswa kumaliza mililita 160 kwa siku, yaani zaidi ya nusu ya chupa kwa wiki. Ikiwa imeshuka kidole kimoja tu, wimbo unaimbwa kwa mikono mikavu. Ikiisha Jumanne, kuna mtu anachotea nyumbani, na hilo nalo lina habari njema ndani yake.

Matumizi hayo ya sabuni hupungua kila Juni na Julai, na mara nyingi wimbo wala mchezo hauhusiki. Nyanda za Mbulu huwa na baridi kali miezi hiyo. Maji yaliyolala kwenye dumu usiku kucha yanauma vidole, na mtoto anaruka kusuuza au anakimbia kabla ya mstari wa gumba. Dumu jeusi likiwekwa juani kuanzia saa mbili asubuhi, maji huwa na uvuguvugu kabla ya uji wa saa nne. Madumu meupe yanaweza kupakwa masizi ya chungu na mafuta kidogo kwa nje, upande unaotazama mashariki.